Sura zangu zote zimefutwa kwa "kumbe ilikuwa ndoto"

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mimi na mwenzangu tunaandika hadithi kwa kupokezana, yeye sura, mimi sura. Mwanaidi wa Lamu anatafuta nani aliuza jahazi la marehemu baba yake. Sura ya tano nikamleta Salum, binamu kutoka Maskati, na sanduku lenye kufuli mbili. Ya saba nikamchumbisha Mwanaidi Mombasa. Ni kweli, jahazi likasahaulika, sura tatu halikutajwa. Lakini jana mwenzangu kaandika: "Mwanaidi akashtuka, jasho linamtoka. Kumbe yote ilikuwa ndoto." Wiki sita za kazi! Wasomaji wanaouliza sandukuni mna nini tuwajibu nini? Lingefunguliwa tu, mkatoka hati ya mauzo ya jahazi, Salum akawa ndiye mnunuzi, naye hajui kama ni mali ya wizi. Tungekuwa tumerudi njiani na hakuna kilichotupwa.

Kalamu Fupi: Pole, ila mngepanga mwisho tangu mwanzo. Mwisho ukijulikana hakuna anayepotea.

Mzee wa Baraza: Sisi tuliuandika mwisho na bado tulipotea, maana kinachopotea ni katikati. Soma upya toka mwanzo, uandike kila kitu msomaji anachokisubiri. Kwenu ni jahazi, sanduku na uchumba. Usivifunge vyote sura moja, msomaji atanusa. Anza na uchumba: Mwanaidi aende kwa wakwe, akae kwenye benchi la barazani, apapase ubao na kukuta herufi za jina la jahazi la baba yake. Sanduku lingoje sura inayofuata. Hapo uchumba ndio uliomfikisha. Ila Salum kuwa mnunuzi, angalia kwanza ulishamsemesha nini.

Mama Zuhura: Mimi mwenzangu alitoa hadithi yetu kwa jina lake peke yake. Hapo mnashauri nini?

Kalamu Fupi: Mama, hiyo fungulia uzi wake.

Mwenye uzi: Mzee, umenishika. Sura ya sita Salum anasema ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga Lamu.

Mzee wa Baraza: Basi alinunua kupitia dalali akiwa Maskati. Na huyo dalali ndiye mtu Mwanaidi aliyekuwa akimtafuta tangu sura ya kwanza. Sasa ndoto, hiyo nayo ni kazi ya mwenzako, usiifute. Mwanaidi anaamini ameota. Anainuka, anakwenda kunawa uso, maji yanagonga pete ya uchumba kidoleni.

Kalamu Fupi: Lakini imeandikwa "yote". Hiyo si kumdanganya msomaji?

Mzee wa Baraza: Ni Mwanaidi anayesema yote, au ni msimulizi? Hilo ndilo la kuangalia.

Mwenye uzi: Ni msimulizi. Pete nitaiandika, ila neno "yote" lazima alibadilishe yeye mwenyewe, na simu zangu hapokei tangu jana.