"Siku 7 bure", halafu kadi yenye hela mnaikataa. Huu ni uhuni!

Mzee_wa_Buguruni
Wakuu, hawa wenye app za nje wanatuona mafala. App ya kuhariri video imeandika kwa maandishi makubwa: siku 7 bure, leo hulipi kitu, baada ya hapo dola 9.99 kwa mwezi. Unaweka kadi ya Visa ya mtandaoni uliyotengeneza kwenye simu, ina dola 12 ndani, unajibiwa "Your card was declined". Kadi hiyohiyo inalipia domeni na matangazo bila tatizo! Kama hawazitaki, si waandike mapema? Wanachukua kwanza jina, barua pepe na namba ya simu, ndipo wanakufungia mlango.

BandoLimeisha
Tatizo ni CVV mkuu, zile tarakimu 3 za usalama. Kadi za mitandao ya simu CVV yake inabadilika, kwa hiyo mwezi ukifika wanashindwa kukata. Tafuta kadi ya benki, kesi imeisha.

Fundi_Malipo
Kwamba wanaogopa kushindwa kukata, uko sahihi. Ila CVV unaisingizia. Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zinamkataza muuzaji kuhifadhi CVV baada ya muamala kuidhinishwa, hata ya kadi ya benki. Makato ya mwezi unaofuata yanakwenda bila CVV kwa kila mtu. CVV iliyopitwa na muda inakukwamisha siku ya kujisajili tu.

Kinachoiumbua kadi ni tarakimu za mwanzo. Zamani zilitazamwa 6, tangu Aprili 2022 Visa na Mastercard wamehamia 8. Hizo zinamwambia muuzaji nani ametoa kadi, ya nchi gani, na kama ni `credit`, `debit` au `prepaid`, yaani ya kujaza salio kama hiyo yako. Mwenye app anayepokea malipo kwa Stripe anaandika mstari mmoja tu:

```
Block if :card_funding: = 'prepaid'
```

Ombi linafia hapo. Dola 12 zako hakuna aliyezitazama.

Sasa kwa nini? App nyingi humkumbuka aliyekwisha kula siku zake za bure kwa namba ya kadi. Mwenye kadi ya mtandaoni anaifuta, anatengeneza nyingine muda huohuo, anafungua barua pepe mpya, na siku 7 zinaanza upya. Kila video anayochakata, seva inalipiwa na mwenye app. Na hata asiyerudia, siku ya 8 kadi mara nyingi inakutwa tupu.

Mama_Ntilie_Online
Mimi walinikata dola 1 wakati wameandika bure. Hao matapeli wanaripotiwa wapi?

Fundi_Malipo
Dada, hiyo haijakatwa, imeshikwa. Wanapima kama kadi iko hai, kisha wanaiachia. Kwenye kadi za kujaza salio inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Ndiyo maana kung'ang'ania kubonyeza ni hasara: una dola 12, unajaribu mara tatu kwenye app inayoshika dola 1 kila mara, unabaki na 9. Ikikubali mara ya tatu na hizo dola 3 zikachelewa kurudi, makato ya 9.99 yatagonga mwamba.

Mzee_wa_Buguruni
Sawa, ila nitajuaje aliyenikataa ni app au mwenye kadi?

Fundi_Malipo
Tazama ujumbe wa mtoa kadi. Ukiambiwa muamala umekataliwa, basi ombi lilimfikia: huenda manunuzi ya mtandaoni yamefungwa, CVV imepitwa, au mfumo wake haukubali ukaguzi wa dola 0, ule wa kupima kadi bila kushika hela. Kukiwa kimya kabisa, shuku app, ingawa wapo watoa kadi wasiotuma ujumbe kwa ukaguzi wa sifuri. Unaweza pia kutafuta aina ya kadi kwenye tovuti za kukagua BIN, yaani zile tarakimu za mwanzo. Weka tarakimu 8 za mwanzo tu, tovuti inayodai zote 16 ikimbie.

Kama app inapatikana kwenye duka la simu, jisajili kupitia huko. Hapo malipo yanapokelewa na duka, na masharti ya kadi ni ya duka.

Mzee_wa_Buguruni
Kwa hiyo wezi wachache wanakula bure, sisi tusio na akaunti ya benki ndio tunalipa fidia. Mbona app nyingine zinakubali kadi hiihii?

Fundi_Malipo
Kila mmoja anajiwekea sheria yake. Kwa maoni yangu kuizuia kwenye siku za bure kunaeleweka. Kumzuia anayetaka kulipa 9.99 papo hapo ni uvivu wa kuandika sheria ya pili.

BandoLimeisha
Na kadi ya mtandaoni ya benki inayosomeka `debit`, nayo imegoma kwenye app hiyohiyo? Hiyo unaielezaje?

Fundi_Malipo
Washa manunuzi ya mtandaoni kwenye app ya benki, zima VPN, jaribu mara moja. Ikigoma tena leta ujumbe wa benki hapa tuusome, bila namba ya kadi.