Kafuta mistari ya npl, eti ni pambo!

NodiMpweke: Wakuu, yule jamaa mkaguzi wa msimbo, mnamjua, hata simtaji. Leo kafungua hipu yangu ya kushoto akafuta hii:

```python
if npl(a.left) < npl(a.right):
    a.left, a.right = a.right, a.left
```

Eti PAMBO! Mbele ya timu nzima! "Mzazi bado mdogo kuliko watoto, hiyo ni pambo tu." Kisha akaendesha majaribio, yote yakapita, akanitazama kama mfalme aliyetoka kuteka nchi tatu. Jioni zikaingia namba zilizopangwa kupanda, `RecursionError`. Pambo!

Kamba2: Sasa umekuja kulia huku badala ya kurudisha mistari miwili?

MtuWaMiti: Kafuta moyo wa hipu. npl ni umbali mfupi kabisa wa kushuka hadi mahali patupu, na kanuni ni kwamba ya kushoto isiwe ndogo kuliko ya kulia. Kuunganisha ni hivi: mzizi mdogo unabaki juu, mtoto wake wa kulia anaunganishwa na hipu ya pili. Kazi yote inapita kulia. Angalieni, hakuna mstari mwingine unaoandika `a.left`. Ukianza na nodi moja moja, kushoto kunabaki patupu milele, na hipu inageuka orodha iliyopangwa. Ya 1, 3, 5 ukiiunganisha na ya 2, 4, 6 unapita karibu nodi zote. Kanuni ya npl ikiwepo, njia ya kulia yenye nodi r inadai angalau nodi 2^r − 1 kwenye mti, kwa hiyo hipu ya nodi 1,000,000 haizidishi 19 upande huo. Mbili za hivyo, unagusa 38 kwa wingi.

Kamba2: Mbona majaribio yalipita?

MtuWaMiti: Nadhani aliingiza namba za kushuka. Kila mpya inakuwa mzizi papo hapo, haishuki hata hatua moja.

NodiMpweke: NDIYO! 9, 8, 7! Halafu ananiambia pambo!

Chapchap: Mimi npl nilishaitupa. Nabadilisha watoto kila mara bila kuuliza, na ni log n ileile.

MtuWaMiti: Hiyo ni hipu nyingine, na log n yake ni ya wastani wa mfululizo wa kazi. Muunganisho mmoja bado unaweza kula n, na ukiuandika kwa kujiita wenyewe unaanguka vilevile.

Chapchap: Haijawahi kuniangukia.

SafuTu: Nyie mna raha. Wa kwangu kanilazimisha hipu ya safu, na kila siku tunaunganisha mbili. Nimwage zote kwenye safu moja nijenge upya, O(n) kila mara!

Kamba2: Afadhali wewe. Wa kwangu anapanga safu nzima upya kila akitoa namba moja.

SafuTu: Nzima?? Fungua uzi wako, huyo anastahili.

NodiMpweke: Jamani, tulikuwa kwenye pambo…

Kamba2: Nzima, mkuu. Na anaiita hipu.