Naomba ushauri: mazoezi ya zugizwangi

Wanasataranji wa Mombasa, nawafunzaje wachezaji wa klabu zugizwangi, pale kila hatua inakuumiza na zamu haipitishwi?

Mfano mwepesi: Mweupe ana mfalme d6, askari e6, Mweusi mfalme e8. Zamu ya Mweupe, e7 inamlazimisha mfalme kwenda f7, kisha d7 inashinda. Zamu ya Mweusi, d8 inaleta sare.

Panapowatatiza ni hapa: Mweupe mfalme g6, askari e4, Mweusi mfalme c3, askari e5. Wengi hukimbilia f5, Mweusi anajibu d4, na Mweupe analazimika kumwacha askari wake. Sahihi ni f6! Mweusi akienda d4, ndipo f5, naye ndiye anayebanwa. Wanaelewa wakionyeshwa, ila mchezoni bado wanawahi f5. Mngewapa zoezi gani?