Naomba ushauri: semina ya walimu kuhusu watoto wenye shida ya umakini

Walimu wenzangu, naandaa semina ya nusu siku kwa walimu wa darasa la tatu shuleni kwetu. Kila mkondo una watoto zaidi ya 110. Nataka tuanze na mtoto mkimya, maana msumbufu kila mtu anamwona. Nina binti anayenakili mistari miwili kati ya mitano, kisha anatazama dirishani. Nilidhani haoni ubao, nikamhamishia mbele. Hali ikabaki ileile. Nilipompa hesabu mbilimbili badala ya kumi kwa mpigo, alizimaliza.

Nawaza kila mwalimu afuatilie watoto watatu kwa wiki mbili na kuandika: kipindi gani, kazi gani, amekula? Tabia ikionekana kwenye somo moja tu, huenda shida ni somo lenyewe. Je, kwa kipindi cha dakika 40 itawezekana? Mliojaribu mliandikaje?