Naomba ushauri: barua ya malalamiko kwa kampuni ya simu, mtaa wetu Kivule unatimiza siku ya saba bila mtandao

MamaDukaKivule

Wanajamvi, habari za jioni. Kesho nataka kupeleka barua kwa kampuni yangu ya simu, na kabla sijaenda kuichapisha naomba mnisaidie kuipitia.

Nina duka la rejareja Kivule, na dirishani nina uwakala wa fedha wa mitandao miwili. Jumanne tarehe 4, saa 1 usiku, mteja alikuwa akitoa shilingi elfu thelathini, na kabla ujumbe haujaingia mawimbi yakakatika. Tulisubiri hadi saa 3, yeye ameinua simu juu ya mlango na mimi nimesimama juu ya kreti la soda, tusipate hata kijiti kimoja. Tangu siku hiyo mtandao huo haujarudi mtaani kwetu. Ule mwingine unafanya kazi, ila wateja wangu wengi hawautumii.

Kinachoniumiza zaidi ni floti. Nina shilingi milioni moja na laki tatu na nusu zimekaa kwenye laini ambayo siwezi kuifungua dukani. Nikitaka kuziona inanibidi nitembee robo saa hadi kituo cha daladala, na nikifika tu ujumbe wa siku nzima unamiminika kwa pamoja, ukiwemo wa watu waliolipa kwa lipa namba nikawakatalia kwa kuwa sikuona kitu.

Barua niliyoandika ni hii:

> YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKOSEFU WA MTANDAO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa miaka tisa. Kwa muda mrefu sasa mtaani kwetu hakuna mtandao na mmekaa kimya bila kuwajali wananchi. Kwa siku moja nazungusha shilingi 1,200,000, hivyo kwa siku saba mmenitia hasara ya shilingi 8,400,000. Naomba mnilipe fedha hizo haraka, la sivyo nitachukua hatua kali za kisheria.

Je, niongeze nini?

Kijana_wa_Simu

Dada, jaribu kwanza kuzima simu, utoe laini, uifute kwa kitambaa kikavu na kuirudisha. Mara nyingi tatizo huwa ni simu yenyewe kushikilia mawimbi ya zamani. Mimi lilinitokea Tabata, likaisha hivyo hivyo.

MamaDukaKivule

Asante kaka, lakini simu zangu mbili, ya fundi cherehani wa jirani na za nyumba nzima ya mama mwenye nyumba haziwezi kuharibika saa moja ya usiku mmoja.

Mpambanaji_Ilala

Usipoteze muda na kampuni. Peleka barua moja kwa moja TCRA pale Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma. Wale ndio wenye meno, na kampuni ikisikia jina lao utaona mafundi wanafika siku hiyo hiyo.

MzeeWaFaili

Mpambanaji umesema kweli kuhusu meno, lakini mpangilio umeugeuza. Nimekaa kitengo cha malalamiko cha kampuni moja ya simu kwa miaka sita kabla ya kustaafu. Mamlaka wakilipokea lalamiko, swali lao la kwanza ni kama mtoa huduma alipewa nafasi ya kulitatua, na ushahidi uko wapi. Utaratibu ni kuanza na kampuni, na ikipita siku 30 bila jibu, au ukapewa jibu lisilokuridhisha, ndipo unapanda TCRA ukiwa na nakala ya barua yako. Ukienda leo mikono mitupu, utarudishwa ulikotoka.

Sasa nije kwa barua yako, binti yangu, na usinichukie. Imeandikwa kwa hasira ya haki kabisa, lakini mtu wa mezani akiisoma hana cha kufanya nayo. Haisemi ni mtaa gani, tangu lini, wala ni laini ipi. "Kwa muda mrefu sasa" kwake ni maneno matupu. "Tangu tarehe 4 saa 1 usiku" ni kitu anachoweza kukifungua kwenye mfumo na kukilinganisha na kumbukumbu za mnara.

Kubwa zaidi ni ile milioni nane. Fedha unayoizungusha si mapato yako. Mteja akitoa laki moja kwako, laki ile si yako. Chako ni kamisheni. Aliyezoea kazi ile akiona mzunguko umeandikwa kama hasara, anaiweka barua nzima kwenye fungu la watu wanaobahatisha, hata kama mengine yote ni ya kweli. Fungua daftari lako utuambie kamisheni ya laini hiyo kwa wiki nne zilizopita, na utuambie pia kama laini ya mtandao mwingine iliongezeka wiki hii.

Je, ulipiga simu huduma kwa wateja, na ulipewa namba ya kumbukumbu?

MamaDukaKivule

Shikamoo mzee. Nilipiga 100 mara mbili. Ikabidi niende kituoni, kwa sababu nikipiga 100 kwa laini ya mtandao mwingine wanaopokea ni wa mtandao huo mwingine. Jumatano tarehe 5 saa 3 asubuhi niliambiwa "mafundi wanalishughulikia", sikupewa namba. Ijumaa tarehe 7 niliidai namba mwenyewe, nikapewa, nimeiandika nyuma ya daftari.

Kamisheni za wiki nne ni 61,400, 58,900, 66,200 na 57,500. Laini ya pili huwa inanipa kama 18,000 kwa wiki, wiki hii imenipa 27,000.

MzeeWaFaili

Marahaba. Jumla ya wiki nne ni 244,000, kwa hiyo wastani ni 61,000 kwa wiki. Ila wateja wako baadhi hawakupotea, walihamia laini ya pili wakakupa 9,000 zaidi ya kawaida. Zitoe. Hasara yako unayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote ni shilingi 52,000. Najua inauma kushuka kutoka milioni nane hadi hapo, lakini 52,000 ina daftari nyuma yake.

Mama_Nusrat

Na mimi naomba msaada hapa hapa. Nilikosea namba moja nikatuma elfu arobaini kwa mtu nisiyemjua na hapokei simu. Je, naandika barua kama hii?

MzeeWaFaili

Mama Nusrat, yako haihitaji barua kwanza, inahitaji upige 100 sasa hivi kabla mtu huyo hajazitoa. Fungua uzi wako tutakuja.

Fundi_Juu_ya_Mnara

Mimi napanda minara. Naomba nimuulize dada: mnara ulio karibu nanyi una mtandao mmoja au zaidi? Siku hizi minara mingi ni ya kampuni za minara, kampuni za simu zinapanga tu, na umeme na betri kwa kawaida ni vya mwenye mnara. Kama mitandao yote iliyo juu yake imezimika, fikiria umeme, betri kuibwa au mafuta ya jenereta. Kama umezimika mmoja tu, shida ina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye mitambo ya mtandao huo au kwenye njia inayouunganisha mnara na mtandao mzima, kwa mfano nyaya za faiba zilizokatwa na wachimba barabara. Getini kuna kibao chenye namba ya mnara. Inukuu.

MamaDukaKivule

Nimekwenda jioni hii. Mlinzi anasema juu kuna mitandao miwili, huu wetu na ule unaofanya kazi. Namba ya kibao nimeipiga picha. Ila mlinzi ameniapia kwamba betri ziliibwa.

Fundi_Juu_ya_Mnara

Kama betri ndizo chanzo, ule wa pili nao ungekuwa unazimika TANESCO wanapokata. Labda ziliibwa kweli, lakini sidhani kama ndizo zilizowazima ninyi kwa siku saba. Hata hivyo sina uhakika kwamba mnara huo ndio unaowahudumia. Unaweza kuuona dirishani na simu yako inasoma wa ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo usiandike sababu kwenye barua. Andika ulichokiona: mtandao mmoja umezimika, mwingine unafanya kazi. Ukiandika betri, watakujibu kuhusu betri tu.

Wakala_Mbagala

Dada, mimi ni wakala kama wewe. Soma mkataba wako wa uwakala kabla hujadai kamisheni. Wangu una kifungu kinachosema kampuni haitawajibika kwa huduma kukatika. Ningekuwa wewe nisingeitaja kamisheni kabisa, wasije wakaniona msumbufu wakaifunga laini ya uwakala.

MzeeWaFaili

Hoja ya mkataba ni nzito na nilipaswa kuitaja mapema. Wewe una sura mbili mbele yao: ni mteja wa kawaida aliyenunua kifurushi, na ni wakala mwenye mkataba. Kanuni za kumlinda mlaji za 2018 zinakuhusu wewe mteja. Madai ya wakala wataanza kuyapima kwa mkataba, na huenda yakakwama hapo. Yaandike kwenye aya mbili tofauti, ili ya pili ikikataliwa isiiburuze ya kwanza. Kuhusu kunyamaza ili usifungiwe laini, hapo mimi na Wakala wa Mbagala hatukubaliani, lakini duka si langu.

MamaDukaKivule

Mkataba wangu sijauona tangu nilipousaini, nimeomba nakala. Kifurushi changu ni cha mwezi, nilikinunua tarehe 1 kwa shilingi 20,000. Barua nimeiandika upya:

> YAH: KUKOSEKANA KWA MTANDAO KIVULE TANGU TAREHE 4, SAA 1 USIKU
>
> Laini zangu mbili zilizotajwa hapo juu, ya kawaida na ya uwakala, hazipati mawimbi dukani kwangu tangu tarehe na saa hiyo, na hali ni hiyo hiyo hadi ninapoandika. Majirani 14 walioridhia kutajwa wamesaini orodha iliyoambatishwa, ambayo mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameigonga muhuri. Mtandao mwingine unapatikana mahali hapo hapo. Mawimbi yenu yanarudi kituo cha daladala, mwendo wa robo saa kwa miguu. Mnara ulio karibu una namba iliyo kwenye picha niliyoambatisha.
>
> Nilitoa taarifa kwa 100 tarehe 5 saa 3 asubuhi, na tena tarehe 7, nikapewa namba ya kumbukumbu iliyotajwa hapo juu.
>
> Kama mteja, naomba mnijulishe kwa maandishi ni lini huduma itarudi, na kifurushi changu cha mwezi kiongezewe siku zote ambazo sikuweza kukitumia.
>
> Kama wakala, naomba mzingatie upungufu wa kamisheni wa shilingi 52,000 kwa siku saba, kwa hesabu iliyoambatishwa, na kama mkataba hauruhusu, mninukulie kifungu husika.
>
> Nitashukuru kupata jibu ndani ya siku 30.

MzeeWaFaili

Hiyo ndiyo barua. Peleka nakala mbili, na usiondoke dirishani kabla ya yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

MamaDukaKivule

Mrejesho. Jana tarehe 12 nimeifikisha. Dada wa mapokezi alisema muhuri hana ruhusa nao, niandike barua pepe. Nikakaa kwenye benchi hadi saa 8 mchana, msimamizi wake akatoka, akasaini nakala yangu na kuandika tarehe kwa mkono. Leo alfajiri mtandao umerudi wenyewe, bila ujumbe wala simu kutoka kwao. Kifurushi bado kinaonyesha kitaisha siku ile ile. Mkataba nao sijaletewa.

Wakala_Mbagala

Ukiupata, tuwekee hapa kile kifungu, tuone kama ni sawa na changu.