Kopo la kawaida, HA, soya ao ya mbuzi? Mtoto analia kila akisha kunywa

Papa Kadutu: Wapendwa, salamu. Mtoto wetu anakunywa maziwa ya kopo ya kawaida, ya ng'ombe. Akisha kunywa tu analia, anajikunja, anapiga miguu. Famasi moja hapa Bukavu wamenionyesha mengine: ya HA, yaani yale yanayoitwa ya kupunguza alegi, ya soya na ya mbuzi. Kesho napata mshahara. Ninunue lipi?

Mama Neema, Goma: Mbuzi, papa! Wangu alitulia siku ya tatu. Maziwa ya mbuzi hayana ile kitu ya ng'ombe inayosumbua watoto.

Fundi Lushi: Soya. Haina maziwa hata kidogo, na huku Lubumbashi tunaipata bila kupoteza pesa nyingi.

Nesi wa Bagira: Papa, umri wake? Uzito? Mililita ngapi, mara ngapi? Nani anachanganya, na vijiko vingapi? Choo kina damu? Ngozi je? Mama ananyonyesha bado? Bila hayo tunachagua rangi ya kopo tu.

Papa Kadutu: Samahani. Wiki 7, kilo 4.8. Mama yake amerudi sokoni, ananyonyesha usiku. Mchana yuko na mama mkwe wangu, biberoni ya 180 mara sita. Damu hakuna. Vijiko nitauliza.

Nesi wa Bagira: Hesabu basi. Umri huo tunakadiria mililita 150 kwa kila kilo, mchana na usiku pamoja. Kilo 4.8 ni kama 720. Ninyi mnampa 1080, halafu ziwa la mama juu yake. Tumbo linajaa, linavutika, analia. Mtu anadhani ni njaa, anaongezewa.

Mama Mapacha: Acheni nieleze yangu. Wa kwanza alilia hivyo hivyo tangu wiki ya tano. Jirani akasema HA, nikanunua. Siku nne, bado. Nikaenda soya, akafunga choo. Nikarudi kwa daktari mmoja, akaniambia ya protini iliyokatwakatwa kabisa, bei ikanitoa machozi. Mtoto alionja akatema, maana ni machungu. Alipozoea choo kikawa kijani, nikakimbia naye usiku nikilia, kumbe na maziwa hayo inatokea. Nikamalizia na ya mbuzi, akatulia! Nikayasifu kwa kila mtu. Pacha wake alibaki na kopo la kawaida tangu mwanzo. Naye alitulia juma lile lile, wakiwa na miezi mitatu na nusu.

Mama Neema: Wako ni wako. Wangu ni mbuzi ndiyo ilimponya.

Nesi wa Bagira: Inawezekana ilimpendeza, sikatai. Lakini protini ya mbuzi inafanana sana na ya ng'ombe. Mwenye alegi ya moja, mara nyingi nyingine nayo inamkamata. Na sukari ya maziwa ni ile ile. Kopo la mbuzi lililotengenezewa watoto wachanga ni chakula sawa kwa mtoto mzima wa afya. Maziwa ya mbuzi yaliyokamuliwa kijijini, hapana. Soya nayo kwa kawaida hatuanzishi kabla ya miezi sita, tena wengine wenye alegi ya ng'ombe wanakataa na soya. HA, protini yake imekatwa nusu tu, haitibu alegi.

Fundi Lushi: Watoto wangu wote walikunywa soya, wako chuo kikuu!

Papa Nguba: Kamembe, ng'ambo kule Rwanda, kopo ni bei nafuu, vuka tu asubuhi. Ila uangalie tarehe, na usichukue lililobonyea.

Mama Neema: Wa mwaka mmoja je, nimwanzishie ya ng'ombe ya kawaida?

Papa Kadutu: Nimeuliza. Mama mkwe anaweka unga kwanza, vijiko 7, kisha maji mpaka mstari wa 180. Anasema cha saba ni cha usingizi.

Nesi wa Bagira: Hapo! Makopo mengi ni kijiko kimoja, kisawazishwe kwa kisu, kwa kila maji 30, soma lako. Maji 180, vijiko 6, maji yanatangulia. Akianza na unga maji yanapungua, na cha saba kinafanya maziwa yawe mazito zaidi. Fanyeni sawa wiki moja kwanza, biberoni ndogo zaidi, mmuinue acheue. Damu kwenye choo, matapishi ya kijani, homa ao kukataa kunywa: msingoje wiki.

Papa Kadutu: Aksanti. Ila mke wangu anasema mashavuni kuna vipele vikavu, mimi sikuviona.

Nesi wa Bagira: Hiyo inanifanya nisifunge mlango. Vipele peke yake si alegi. Vikibaki na kilio kikibaki, mpeleke kwa daktari wa watoto. Akiamua jaribio, ni lile kopo chungu la protini iliyokatwakatwa kabisa, wiki mbili mpaka nne, kisha mrudishe la zamani muone kama dalili zinarudi. Bila kurudisha hamtajua.

Papa Kadutu: Sawa. Shida ni mama mkwe: anasema biberoni ya 120 ni kumtesa mjukuu wake.

Papa Nguba: Wa kwangu alisema hivyo hivyo. Kamembe utaenda lini? Nami nahitaji mbili.