Ushauri: mzabuni amechangia sendofu ya binti wa meneja, kanuni ya zawadi iandikweje?

Mhasibu_Njiro (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninasimamia fedha na utawala katika kampuni ya utalii hapa Arusha yenye magari 14 ya safari. Mkurugenzi ameniagiza niandike kanuni ya ukurasa mmoja kuhusu zawadi ambazo mameneja wetu hupokea kutoka kwa wazabuni. Kalenda na kreti za soda za mwisho wa mwaka hazinisumbui, ila jambo lifuatalo linaninyima raha.

Mwezi Januari meneja wetu wa gereji alimfanyia binti yake sendofu. Kadi za mchango zilisambazwa kwa ndugu, majirani na marafiki, na mmoja wa waliopelekewa ni mzabuni anayetuuzia matairi, ambaye alitoa shilingi 500,000. Sasa tunajiandaa kwa msimu mkubwa unaoanza Juni, na tumekusanya kotesheni za matairi 56. Mzabuni huyo ametaja 620,000 kwa tairi moja, na mwingine ametaja 590,000 kwa tairi la vipimo vilevile lakini la chapa tofauti. Meneja anapendekeza yule wa kwanza, akieleza kwamba matairi yake yanahimili zaidi mawe ya njia ya Serengeti. Tofauti ya jumla ni 1,680,000, na bado sijasaini oda.

Ninamheshimu meneja huyu, na kwa desturi zetu mtu haulizwi kwa nini fulani amemchangia. Je, ule mchango tuuhesabu kuwa zawadi ya mzabuni, au ni ujirani wa kawaida?

Mzee_wa_Sakina

Mwanangu, usijitie katika uhasama na watu. Weka kiwango, tuseme shilingi 50,000: chini ya hapo meneja apokee bila maswali, juu ya hapo atoe taarifa. Kuhusu sendofu, fedha zile zilikwenda kwa kamati na zikalipia ukumbi na chakula, kwa hiyo meneja hakupokea kitu na huwezi kuita rushwa.

Mkaguzi_Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Kiwango kinasaidia kupunguza makaratasi, na hapo nakubaliana nawe, lakini hakimlindi mtu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa umma peke yao. Kifungu cha 15 kinamgusa pia mwajiriwa wa kampuni binafsi anayeomba au kupokea manufaa kama kishawishi au malipo ya jambo analolitenda katika shughuli za mwajiri wake, hata kama manufaa hayo yanamwendea mtu mwingine. Hakitaji kiasi ambacho chini yake mtu yuko salama, na kamati ya sherehe haibadilishi kitu, kwa sababu gharama iliyolipwa ilikuwa ya familia ya meneja. Hata hivyo, nia ovu lazima ithibitishwe, na katika maelezo ya Mhasibu sijaiona. Ninachokiona ni mgongano wa maslahi ambao haukuandikwa popote.

Ningetazama kwanza nani alianza. Mzabuni akisikia habari na kuleta mchango kwa hiari yake, hilo ni jambo moja. Meneja akimpelekea kadi, ameomba, na mtu ambaye biashara yake inategemea mapendekezo ya meneja hana uhuru wa kukataa. Kisha ningeuliza kama mzabuni angechangia kiasi kilekile endapo meneja angekuwa amehamishiwa idara isiyonunua chochote.

Kuhusu oda, usimwadhibu mzabuni kwa kumnyima kazi, na usiikubali bei kwa kumhurumia meneja. Tairi la 620,000 ni ghali kwa takriban asilimia 5, kwa hiyo inatosha lidumu kwa asilimia 5 zaidi. Ikiwa la bei nafuu hukimbia kilomita 40,000, hili linapaswa kuvuka kidogo kilomita 42,000. Chukua kadi za gereji, usome kilomita za siku tairi lilipofungwa na za siku lilipotolewa, kisha mtu mwingine asiye meneja afanye uamuzi. Huenda meneja ana haki kabisa, na kumbukumbu hizo ndizo zitakazomtetea.

Mboga_Tengeru

Naomba niseme kwa upande wetu sisi tunaoleta bidhaa. Ninapeleka nyanya na mboga kwenye hoteli kadhaa, na kadi huja kutoka kwa mkuu wa jiko, kwa mtunza stoo, hata kwa anayeandaa hundi. Nisipochangia, mzigo wangu unaanza kukutwa na kasoro, au malipo ya siku 30 yanafika siku 60. Kwa hiyo naongeza shilingi 2,000 kwa kila kreti, na mwenye hoteli ndiye anayechangia harusi hizo bila kujua. Tafadhali andikeni kanuni inayowakataza mameneja kutuletea kadi. Sisi hatuwezi kuikataa kadi mlangoni.

Dereva_Mwongozaji

Naona mnataka kutunyang'anya bakshishi. Mgeni akifurahi akanipa dola zake, hilo halihusu ofisi. Na ile kamisheni ya maduka ya vinyago mtaisemaje?

Mkaguzi_Mstaafu

Kaka, bakshishi ya mgeni inatolewa waziwazi baada ya kazi, na wewe hununui kitu kwake kwa niaba ya kampuni, kwa hiyo iko nje ya uzi huu. Kamisheni ya duka inafanana zaidi na swali la Mhasibu, kwa sababu wewe ndiye unayechagua gari lisimame wapi, lakini inahitaji uzi wake.

Mhasibu_Njiro

Nashukuru sana, na maneno ya ndugu wa Tengeru yamenigusa, kwa kuwa nilikuwa nimeiangalia sendofu kwa upande wa meneja tu. Nimeandika rasimu hii, naomba muikosoe:

«Meneja, au mtu mwingine kwa niaba yake, hatampelekea mzabuni kadi ya mchango wala kumwingiza katika kundi la kamati. Fedha taslimu, fedha za simu na vocha hazipokelewi kwa kiasi chochote, isipokuwa rambirambi ya msiba, ambayo itaandikwa. Kuanzia siku kotesheni zinapoombwa hadi malipo ya mwisho, hakuna kinachopokelewa kutoka kwa mzabuni anayehusika. Chakula au kinywaji kinacholetwa ofisini kitaliwa na wafanyakazi wote. Kila kilichopokelewa au kukataliwa kitaandikwa katika daftari ndani ya siku 3: tarehe, mtoaji, kitu, thamani ya makisio, na uamuzi gani unaomhusu mtoaji uko mezani. Kanuni hii inamhusu pia mkurugenzi.»

Rizavesheni_Kijenge

Umesahau ukarimu wa kambi na loji. Msimu wa mvua hutualika tulale bure ili tuzijue kabla ya kuziuza, na bila kulala pale huwezi kumweleza mgeni chumba kikoje. Kwetu mwaliko huandikwa kwa kampuni, kampuni ndiyo inayochagua nani aende, mwenzi hasafiri, na aliyekwenda huandika ripoti ya vyumba, chakula na barabara. Loji ikimtaja mtu kwa jina, tunakataa.

Mkaguzi_Mstaafu

Aya hiyo iongezwe. Mimi ningegusa pia vikundi vya kufa na kuzikana. Ikiwa meneja na mzabuni ni wanachama wa kikundi kimoja, na katiba yake inamtaka kila mwanachama atoe kiasi sawa, mchango huo usihesabiwe kuwa zawadi, lakini uhusiano wenyewe uandikwe daftarini.

Mzee_wa_Sakina

Sawa, nimeelewa kuhusu kadi. Lakini zile 500,000 zimekwisha kuliwa. Mnataka meneja azirudishe?

Mhasibu_Njiro

Hapo ndipo nilipokwama, Mzee. Kurudisha kutamfedhehesha mzabuni, na kutokurudisha kunaacha deni la fadhila. Kwa sasa meneja amekubali kuuandika mchango huo na kukaa kando ya oda hii, nami kesho nazisoma kadi za gereji. Kama kuna aliyewahi kurudisha mchango wa namna hii, naomba aeleze ulipokelewaje.